Pati ya watoto wa miaka 8 kuoka vikeki: panga mambo ili mlango wa oveni ufunguliwe mara mbili tu

Wazazi wenzangu, hii ya kuoka na watoto inawezekana kabisa, na mtoto wa miaka 8 ana mikono tayari ya kuvunja yai, kupima unga na kukoroga mwenyewe bila kushikwa shikwa. Kitu asichoweza ni oveni. Anajua kwamba ni ya moto, ukimuuliza atakujibu vizuri tu, lakini akiwa na wenzake watano na kila mtu anataka kuona keki yake imeumuka kiasi gani, ule ujuzi unapotea palepale. Kwa hiyo mi nikipanga pati hizi siku hizi naanza na swali moja tu, mlango wa oveni utafunguliwa mara ngapi watoto wakiwa jikoni, na jibu langu ni mara mbili, kuingiza na kutoa, basi. Mapishi, idadi ya watoto, trei, vyote navipanga kufuata hilo.

Nilijifunza hivi kwa sababu mara ya kwanza nilifanya kinyume. Nilikuwa na trei mbili, moja ikaingia nyingine ikasubiri, nikafungua kuangalia, nikafungua kuzigeuza, nikatoa ya kwanza nikaingiza ya pili, na kila nikifungua watoto wanasogea hatua moja. Mtoto aliyeumia hata hakuumizwa na oveni yenyewe. Trei ya kwanza ilikuwa imekaa kwenye kaunta kama dakika 10, haitoi moshi, haina dalili yoyote, akaishika ukingoni ili aisogeze atafute keki yake. Kidole gumba na cha pili vikapata malengelenge. Trei ya moto na trei ya baridi zinafanana sawasawa, na hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Idadi ya watu kwanza

Watoto 6, watu wazima 2. Wakizidi hapo pati inakuwa ngumu kuisimamia, trei moja haitoshi na unarudi kwenye kufungua fungua. Mtu mzima mmoja ni wa meza, anakaa na watoto, anawasaidia, anafuta maziwa yaliyomwagika. Wa pili ni wa oveni na hana kazi nyingine, haoshi vyombo, hapigi picha, hajibu simu. Najua inaonekana kama mtu mzima amekaa bure lakini ajali za jikoni zinaweza kutokea pale ambapo kila mtu mzima anadhani mwenzake anaangalia, kwa hiyo mnasemezana kwa sauti kabisa, "oveni ni yangu", na akitaka kwenda chooni anaikabidhi kwa sauti vilevile.

Wazazi wa wageni waulizwe siku kadhaa kabla kama mtoto ana aleji, hasa ya mayai, maziwa, ngano au karanga na jamii zake. Usisubiri kuuliza mlangoni siku yenyewe kwa sababu saa hiyo huna la kubadilisha.

Kipimo cha yai moja

Watoto wanakaa wawili wawili, bakuli moja kwa kila jozi, na kila jozi inatumia yai moja. Yai la kawaida bila ganda lina uzito wa karibu gramu 50, kwa hiyo na vitu vingine vyote ni gramu 50: unga wa ngano 50, sukari 50, siagi 50. Juu ya hapo nusu kijiko cha chai cha beking pauda, kijiko kimoja cha mezani cha maziwa na matone machache ya vanila. Hiyo inatoa vikeki 4 kwenye trei ya kawaida ya mashimo 12, kila mtoto viwili. Jozi tatu ni vikeki 12, trei imejaa, inaingia mara moja, inatoka mara moja. Umeona hesabu ilivyokaa.

Kama una mizani wape watoto wapime wenyewe unga na sukari, wanapenda sana kuona namba ikipanda na utashangaa wanavyopunguza kwa ncha ya kijiko mpaka isome 50 kamili. Kama huna mizani, unga ni vijiko 6 hivi vya mezani vilivyosawazishwa juu kwa mgongo wa kisu cha mezani, sukari vijiko 4. Siagi ndiyo ngumu kupima kwa kijiko, wewe kata kipande cha gramu 250 sehemu tano zilizo sawa, kila sehemu ni 50, umemaliza.

Siagi itolewe kwenye friji mapema, masaa mawili kabla au zaidi kama hali ya hewa ni ya baridi. Ukibonyeza kwa kidole kiingie bila kutumia nguvu lakini siagi isiwe imeyeyuka. Hapa ndipo watoto wengi wanakwama maana siagi ngumu haikorogeki kwa mkono wa mtoto, anachoka, unabaki na madonge meupe kwenye rojo, na hayo madonge yakiingia kwenye oveni yanayeyuka yanaacha mashimo na mafuta chini ya keki.

Siku moja kabla, oka vikeki 4 vya majaribio

Usiruke hii. Oveni za nyumbani hazisemi ukweli, kitufe kinaonyesha 180 lakini ndani inaweza kuwa 165 au 200, kwa hiyo tengeneza kipimo cha jozi moja, weka oveni nyuzi 180 (kama ina feni weka 160), ngoja ipate moto vizuri dakika 15 hadi 20, ingiza vikeki vyako kwenye waya wa katikati na utazame kwa kioo. Vingi vinakuwa tayari kati ya dakika 17 na 20. Vikitoka na vichwa vilivyochongoka kama mlima na kupasuka katikati ujue oveni ni kali, sehemu ya nje iliwahi kukauka kabla ya ndani kumaliza kuumuka, punguza nyuzi 10 au 20. Vikitoka vimepauka na juu vinanata, ongeza kidogo. Vikibonyea katikati baada ya kutoka mara nyingi havikuiva, au ulifungua mlango mapema kabla havijashika.

Ukipata muda wako uandike. Nia yake ni kwamba siku ya pati usilazimike kufungua mlango kujaribu kama vimeiva, wewe unajua kabisa kwamba oveni yangu ni dakika 18, naangalia kwa kioo na taa ya ndani, vimepata rangi, natoa. Na kama kioo cha oveni yako kimechafuka huoni ndani, kisafishe siku hiyohiyo ya majaribio ikishapoa.

Kuandaa jikoni kabla watoto hawajafika

Waya wa oveni uweke kwenye nafasi yake oveni ikiwa baridi. Watu wengi wanaiwasha kwanza halafu wanakumbuka waya upo juu sana, unaanza kuhamisha chuma cha moto huku kengele ya mlangoni inalia.

Kisha chukua tepu ya rangi inayoonekana ubandike mstari sakafuni mbele ya oveni, mita moja na zaidi kidogo kutoka pale mlango unapofikia ukiwa wazi, siyo ukiwa umefungwa. Fungua mlango wote ndipo upime. Huo ni mstari ambao mtoto yeyote havuki kwa sababu yoyote, hata kama kitu kimeangukia upande ule. Nimejaribu kusema tu kwa mdomo "msisogee karibu", haifanyi kazi, maana "karibu" kwa mtoto ni neno lisilo na mwisho, lakini mstari anauona na akivuka mwenzake anamwambia kabla yako.

Halafu amua trei itatua wapi. Hapa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukishashika trei ya nyuzi 180 huwezi kuanza kutafuta nafasi, kwa hiyo kabla ya kufungua mlango lazima pawepo mahali patupu, pagumu, pasipoungua, upande wa ndani wa mstari, ndani kabisa mbali na ukingo ambapo mkono wa mtoto haufiki. Juu ya majiko yenyewe panafaa kama yote yamezimwa na yamepoa. Kati ya oveni na hapo pasiwe na stuli, pasiwe na kapeti la kuteleza, na sakafu iwe kavu.

Glavu za oveni au vitambaa vinene viwe vikavu kabisa. Kitambaa chenye unyevu kinapitisha joto haraka, maji yake yanageuka mvuke na unajikuta unaachia trei hewani. Vitambaa vya kufutia meza vikae upande wa watoto na vya oveni upande wa oveni, visichanganyike.

Kama oveni yako ni ya gesi iwashe wewe mwenyewe watoto hawajafika. Ile ya kuwasha kwa kiberiti, kiberiti kinawaka kwanza ndipo unafungua gesi, na isiposhika ndani ya sekunde chache funga gesi, acha mlango wa oveni na madirisha wazi, subiri dakika kadhaa hewa itoke kabla hujajaribu tena. Dirisha libaki wazi muda wote inapowaka. Kama ni ile ndogo ya umeme ya kukaa mezani, kumbuka mlango wake unafunguka kwenye usawa wa kifua na uso wa mtoto wa miaka 8, na mwili wake wote unapata moto, ubavuni na juu, siyo mlango tu. Isukume ndani ya kaunta lakini iachiwe nafasi pembeni na nyuma isigusane na pazia wala ukuta, waya wake upite nyuma usining'inie mbele, na ichomekwe moja kwa moja ukutani siyo kwenye ekstensheni. Oveni za chini zilizoungana na jiko zina hatari nyingine, mtoto akiukalia au kuukanyaga mlango ulio wazi jiko zima linaweza kupinduka mbele, na sufuria iliyo juu ikaja nayo. Kwa hiyo juu ya jiko kusiwe na kitu chochote kinachochemka siku hiyo.

Oveni ya umeme iwashe dakika 20 kabla ya saa ambayo unataka kuingiza, siyo mapema sana. Mi huwa naiwasha watoto wakianza kuvunja mayai.

Watoto wakifika

Nywele ndefu zinafungwa nyuma, mikono mirefu inakunjwa juu ya kiwiko, mitandio na nguo zenye kamba zinazoning'inia zinafungwa vizuri, viatu viwe vinashika sakafu na siyo soksi tupu. Wote wanaosha mikono kwa sabuni. Halafu unawaonyesha mstari kabla hawajaona unga, kwa sababu wakishaona unga hawakusikii tena. Mi huwa nawaambia mambo matatu tu. La kwanza, huu mstari hauvukwi. La pili, mkisikia neno "moto!" kila mtu anasimama alipo na kuweka mikono kifuani. La tatu, kitu chochote chenye glavu juu yake hakiguswi. Halafu tunalifanyia mazoezi, natamka "moto!" wakiwa wanazunguka ovyo, wanaganda, wanacheka, tunarudia tena mara mbili tatu mpaka wanaganda kweli. Hiyo inachukua dakika mbili na ndiyo inayokuokoa baadaye.

Sasa kazi. Kila jozi wanapanga vikaratasi vyao vinne vya kuokea vikeki kwenye mashimo ya trei, wanajua mashimo yao. Mmoja anavunja yai kwenye kikombe pembeni, siyo moja kwa moja kwenye bakuli, ili ganda likianguka litolewe kwa kijiko bila kuvuruga kila kitu. Mwenzake anaweka siagi na sukari kwenye bakuli na kuzikoroga kwa mwiko mpaka zichanganyike. Halafu yai, unga uliokwisha changanywa na beking pauda, maziwa, vanila, vyote kwa pamoja, wanakoroga kwa kupokezana. Wahesabu, mmoja mara 20, mwenzake mara 20, hivyo hivyo mpaka huoni unga mkavu, halafu wanaacha. Hawa watoto wakipewa nafasi watakoroga robo saa nzima na unga ukikorogwa sana baada ya kulowa unakuwa wa kuvutika kama wa chapati, keki inatoka ngumu ina mashimo marefu ndani. Rojo zuri linaanguka kutoka kwenye kijiko kwa bonge zito ukilitikisa, halimiminiki kama uji na wala haling'ang'anii kama ugali.

Kulamba mwiko hapana. Najua watasikitika na wengine watakuambia nyumbani wanaruhusiwa, lakini yai bichi linaweza kuwa na salmonela na hata unga mbichi wenyewe unaweza kubeba bakteria maana haujapikwa, na hapa una watoto wa watu. Wape kipande cha tunda mkononi na uwaambie sababu, wakipewa sababu wanaelewa.

Kujaza, vijiko viwili, kimoja kinachota kingine kinasukuma, kila kikaratasi kijae theluthi mbili. Hapa utasikia "yangu ni ndogo", kwa hiyo waambie wagawe bakuli lote kwanza kidogo kidogo kwenye vinne halafu wanaongeza. Na kabla trei haijaondoka mezani chora ramani. Karatasi yenye viduara 12, kila mtoto anaandika jina lake kwenye viduara vyake, na kwenye pembe moja ya trei unakunja kipande kidogo cha foili na kwenye karatasi unaweka alama pembe hiyohiyo. Ukitoa trei ikiwa imegeuka bado unajua cha nani ni kipi. Hiyo ramani imenipunguzia mambo mengi, maana sababu kubwa ya watoto kusogelea trei ya moto ni kutafuta keki yao, na sasa wanaitafuta kwenye karatasi.

Mlango, mara ya kwanza

Trei ipo mezani kwa watoto. Wa meza anawarudisha wote nyuma ya mstari, wakae chini kabisa sakafuni au kwenye viti, aliyekaa hawezi kukimbilia kitu ghafla. Wa oveni anavaa glavu zote mbili hata kama trei ni baridi, maana mikono inaingia kwenye chuma cha moto, watu wengi wanaungua mgongo wa mkono kwenye waya wa juu wakati wa kuingiza. Anasema "moto!". Anafungua akiwa amesimama pembeni siyo mbele, anaacha wimbi la kwanza la joto litoke sekunde mbili tatu, anaingiza, anafunga. Taima inaanza, na iwe inayolia kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia.

Zile dakika 18

Hapa ndipo pagumu. Wakati wa kukoroga mikono ya watoto ina kazi, lakini sasa hawana kitu, harufu imeanza kutoka, na wote wanataka kwenda kupiga magoti mbele ya kioo. Kioo hicho nacho kinapata moto, oveni nyingine kinaunguza kabisa hasa zile za zamani zenye kioo kimoja. Wa oveni habanduki. Wa meza anawapeleka watoto kunawa tena, kisha wanakaa mbali na jikoni kama kuna nafasi, wanachora bendera ndogo za karatasi za kuchomeka kwenye vikeki au wanapamba maboksi ya kubebea. Mi nimeona kuwapa ruhusa moja ya kutazama inasaidia kuliko kuwanyima, dakika ya 10 hivi wote wanakuja kusimama kwenye mstari, taa ya ndani inawashwa, wanaona vinavyoumuka, wanashangilia, wanarudi. Wakijua kwamba zamu ya kutazama ipo hawatoroki kwenda kuchungulia.

Mlango, mara ya pili

Taima ikilia, kabla ya kugusa mlango, wa oveni anapitisha macho sehemu ya kutua trei, bado patupu? Njia iko wazi? Watoto wamekaa? "Moto!" Anafungua, joto linatoka, anavuta trei kwa mikono miwili, anatua, na kitu cha kwanza anachofanya baada ya kutua ni kufunga mlango kwa kiwiko chenye nguo au kwa mkono wenye glavu, cha pili kuweka zile glavu zake juu ya trei kwa ukingoni. Glavu juu ya trei maana yake ni moto, na zinabaki hapo mpaka trei yenyewe imepoa, nusu saa au zaidi kwa trei nzito.

Kuiva unajaribu hapo kwenye trei, chomeka kijiti katikati ya keki moja ya katikati na moja ya pembeni, kikitoka kikavu au na chembe tu vimeiva, zima oveni, kikitoka na rojo unarudisha dakika 3 ndipo uzime. Ni mlango mara ya tatu na ya nne, haina shida, ila mwendo ni uleule wote, kukaa, "moto!", glavu, usiharakishe kwa sababu ni kidogo tu.

Baada ya dakika 5 wa oveni mwenyewe anavitoa vikeki anaviweka kwenye waya wa kupozea. Watoto bado hawavigusi. Keki ndogo ikionekana imepoa nje ndani inaweza kuwa bado ya moto, na kama kuna jemu ndani, jemu inashika joto zaidi na kung'ang'ania kwenye ulimi, kwa hiyo kwa umri huu mi jemu naiweka baadaye juu, siyo ndani kabla ya kuoka.

Ikitokea mtu ameungua

Maji ya bomba ya kawaida, ya baridi ya kiasi, yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 nzima. Dakika 20 ni nyingi sana ukiwa umesimama na mtoto analia, tumia saa. Pete, bangili au nguo iliyo karibu toa mapema kabla hapajavimba, isipokuwa kama imegandia kwenye ngozi, hiyo usiivute. Usipake dawa ya meno, siagi, mafuta wala yai, na barafu pia hapana kwa sababu inaongeza jeraha. Ukimaliza funika kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi au plastiki safi ya kufungia chakula bila kuibana. Malengelenge usitumbue. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au la usoni, mikononi au kwenye viungo, au lililotoa malengelenge, mpeleke hospitali, na mzazi wake apigiwe simu hata kama jeraha ni dogo. Na kama ndani ya oveni kitu kimeshika moto, usifungue mlango, zima, acha ufungwe moto ufe kwa kukosa hewa, watoto watoke nje na wa meza, maji usimwage. Ukiona moto haupungui au moshi umejaa, wewe pia toka nje, funga mlango wa jikoni nyuma yako na upige simu zimamoto.

Kupamba

Vipoe kabisa, dakika 40 hivi, ukigusa chini ya kikaratasi pasiwe na joto lolote, la sivyo aisingi inayeyuka inatiririka pembeni. Kwa vikeki 12 sukari ya aisingi gramu 150 na maji vijiko viwili vya mezani, lakini maji yaingie kijiko kimoja kwanza halafu matone matone, watoto wakimwaga yote mara moja unapata maziwa badala ya aisingi na itabidi uongeze sukari mpaka iishe. Iwe nzito kiasi kwamba ukiinua kijiko mstari unaobaki juu unakaa kama sekunde tano kabla haujazama. Kila mtoto anachukua vikeki vyake kwa kufuata ramani, anapaka kwa mgongo wa kijiko, anamwagia vipambo, na hapo uwaachie wafanye wanavyotaka hata kama kimoja kinabeba vipambo vya vikeki vitatu.

Muda wote huu oveni imezimwa lakini bado ina joto, saa nzima inaweza kupita kabla chuma cha ndani hakijapoa, na mstari wa tepu unabaki sakafuni. Usiuache mlango wazi eti ipoe haraka, mtoto akikimbia anauparamia. Mi nautoa mstari wageni wakiwa wameshaondoka na maboksi yao, nashika mlango kwa mgongo wa mkono kwanza, ukiwa baridi ndipo nabandua tepu.